Acheni Kubandika Anga la Diani Juu ya Kitengela

Ingia kwenye ukurasa wowote wa nyumba zinazouzwa, iwe ni Ruaka, Syokimau au Kitengela, halafu kwa dakika moja usitazame nyumba. Tazama juu yake. Ni Julai. Nairobi nzima na majirani zake wamevaa sweta chini ya wingu moja la kijivu ambalo halijatoka tangu Juni. Lakini juu ya kila mezoneti inayouzwa kuna anga la buluu kali, na mawingu meupe yaliyochanwa kama pamba. Sasa sogeza macho mpaka pale paa linapokutana na hiyo buluu. Unauona ule mstari mweupe? Umezunguka paa lote, umepanda mpaka kwenye antena, umeingia kwenye mti wa jirani na kuuwasha kila jani. Nyumba imevaa taji kama mtakatifu kwenye kalenda ya kanisa.

Mimi ndiye msee huletewa hizo picha kuzisafisha. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikabaki na laptopu, GIMP ambayo ni ya bure, na maajenti wa nyumba ambao hulipa kwa picha. Ombi lao huwa moja: "Toa hiyo laini nyeupe." Na karibu kila anayefundisha kazi hii atakwambia laini hiyo imetokana na mkono mbaya, kwamba hukukata vizuri, kwa hivyo tafuta brashi laini zaidi, lainisha ukingo, kata tena. Nakataa. Nimekaa na hizo laini usiku mwingi na nasema hivi: mara nyingi kosa liko kwenye anga lililochaguliwa, na mkono umesingiziwa tu. Hizo dawa za haraka zinazouzwa kuficha kosa hilo, nazo zinafuta vitu ambavyo mnunuzi alikuwa na haki ya kuviona.

Tuanze na mstari wenyewe, kwa sababu watu wanaupiga vita bila kujua ni nini.

Picha ni vidoa, yaani pikseli. Mahali ambapo jani linapakana na anga, hakuna pikseli inayojua kukaa upande mmoja. Pikseli ya mpakani imefunikwa nusu na jani, nusu na anga, kwa hivyo inabeba mchanganyiko wa vyote viwili. Tupime mwanga kutoka 0, ambayo ni giza tupu, hadi 255, ambayo ni nyeupe tupu. Jani letu ni 50. Anga lililoungua, lile jeupe lisilo na chochote ndani, ni 250. Kwa hesabu rahisi pikseli ya mpakani ni 150, katikati kabisa, na jicho halioni shida yoyote: giza, kati, mwanga. Ni ngazi inayopanda vizuri.

Sasa ng'oa lile anga la 250 uweke buluu kali ya 110. Jani limebaki 50, anga ni 110, na pikseli ya mpakani, ambayo sasa ingefaa kuwa 80, bado imekaa palepale kwenye 150. Angalia vizuri kilichotokea. Mpaka una mwanga kuliko vitu vyote viwili unavyovitenganisha. Hakuna kitu duniani kinachofanya hivyo bila kuwaka, na ndiyo maana jicho linasema jani linawaka. Lile taji ni anga la zamani. Limekataa kuhama, limebaki limening'inia kwenye kingo za majani.

Halafu hebu rudia hesabu hiyo kwa anga jipya la 215, buluu hafifu iliyopauka karibu na weupe. Mpaka ungefaa kuwa kama 132. Uko 150. Kosa bado lipo, lakini sasa 150 imekaa katikati ya 50 na 215, ngazi inapanda kama kawaida, na jicho linapita bila kusimama. Hujagusa brashi. Hujalainisha chochote. Umechagua anga tofauti tu.

Hapo ndipo maajenti huniambia, "Lakini anga lililopauka halivutii." Sawa, toka nje basi. Toka siku ambayo mbingu ni safi kabisa, Januari hivi saa nne asubuhi, na utazame. Juu ya kichwa chako anga ni buluu nzito. Ishushe shingo polepole. Kadiri unavyoshuka, buluu inazidi kuchanganywa na maziwa, na kule chini linakogusana na mapaa ya majirani ni karibu jeupe. Nuru inayotoka kule chini imepita kwenye hewa nyingi zaidi, ikagongwa na kutawanywa mara nyingi, tena hapo hujaongeza vumbi. Siku safi kuliko zote bado ina weupe chini.

Na paa la nyumba kwenye picha liko chini kuliko unavyofikiri. Mpiga picha amesimama mita 15 kutoka kwa nyumba, kamera iko kifuani, mita moja na nusu kutoka ardhini. Kilele cha paa kina mita 6. Mstari wa upeo wa macho kwenye picha hiyo unapita palipo kamera, usawa wa kitasa cha mlango au juu kidogo, na kilele cha paa kiko nyuzi kama 17 tu juu yake. Ukanda wa anga unaogusa paa ni ule wa chini, wa maziwa. Lakini anga zinazogawiwa mtandaoni nyingi zimepigwa na mtu aliyeinua kamera juu, na mhariri wetu anachukua buluu ya utosini na kuikalisha moja kwa moja juu ya vigae. Hapo amekosea mara mbili kwa pigo moja. Jicho la mtu yeyote, hata asiyejua kamera, linahisi kuna kitu hakiko sawa, na juu ya hayo ameweka giza pale ambapo pikseli za mpakani zinahitaji mwanga. Taji linawaka. Kisha analaumu brashi.

Dawa zenyewe sasa. Ya kwanza ni kulainisha ukingo, ambayo imo katika kila programu. Ukilainisha kwa pikseli 5 hujaondoa weupe hata kidogo. Umeunyoosha. Mpito kati ya picha ya zamani na anga jipya umekuwa mpana, na ndani ya upana huo anga la zamani linachungulia kwa raha zake. Mstari mkali wa pikseli moja umegeuka ukungu wa pikseli tano, na mhariri anasema, "Sasa imekuwa laini." Ndiyo, laini kama moshi unaotoka kwenye paa.

Dawa ya pili ni kuusukuma ukingo ndani. Photoshop ilipoleta Sky Replacement mwaka wa 2020, iliweka kidude kinachoitwa Shift Edge pale juu kabisa, na mkono wa kila mtu huenda hapo kwanza. Unasukuma mpaka wa anga jipya uingie ndani ya jani na paa, ili ufunike zile pikseli zilizochafuka. Kwa ukuta mnene inafanya kazi. Lakini fikiria kitu chembamba. Waya wa stima ulio mbali unaweza kuwa na upana wa pikseli 2 tu kwenye picha. Sukuma mpaka pikseli moja kutoka upande wa kushoto, na moja kutoka kulia. Waya umeisha. Hakuna aliyekusudia kuufuta. Umekufa tu kwa sababu ulikuwa mwembamba. Matawi ya mwisho ya mti huenda hivyohivyo, mti ukabaki kama umenyolewa na kinyozi mwenye haraka.

Huu waya nitaurudia, kwa sababu ndio umenifanya niandike.

Mwezi Julai ajenti mmoja, mzee wa heshima anayeniita "kijana" hata kwenye risiti, alinitumia picha ya nyumba ya Kitengela. Ilikuwa imeshapitia kwa mhariri mwingine. Mezoneti ya vigae vya rangi ya makaa, nyuma yake kinyumba kidogo cha mabati yasiyopakwa rangi, kushoto mti wa mgunga wenye majani membamba kama mvua. Juu ya vyote hivyo, buluu ya Diani. Taji kila mahali. Ujumbe ulisema: "Kijana, toa hiyo nyeupe, nahitaji kesho." Malipo shilingi 800.

Nikamwomba faili ya asili, kabla haijaguswa. Hilo ndilo jambo la kwanza, na usikubali kazi bila hilo, kwa sababu taji likishaokwa ndani ya picha iliyounganishwa unapigana na vivuli. Aliituma. Anga lake lilikuwa limeungua kweli, nyeupe tupu karibu lote, na upande wa kulia tu kulikuwa na kijivu kidogo. Nyumba yenyewe ilikuwa imepigwa vizuri. Hakukuwa na kivuli kikali popote. Chini ya baraza kulikuwa na giza laini tu, kama inavyokuwa siku ya mawingu. Hilo peke yake lilikwisha kunichagulia anga. Jua la Diani lingeacha kivuli chenye makali chini ya kila ukingo wa paa. Nyumba isiyo na kivuli haiwezi kusimama chini ya jua hilo, hata ukate mpaka kwa wembe.

Nikatafuta kwenye picha zangu mwenyewe. Huwa napiga anga, ni tabia tu, kila nikishuka matatu nikiona kitu. Nilikuwa na moja ya siku ya mawingu yenye umbo: kijivu chepesi, mapengo mawili ya buluu iliyopauka kwa juu, chini jeupe. Nikaivuta mpaka upeo wake ukakaa usawa wa milango ya nyumba, maana yake nusu ya chini ilifichwa na nyumba yenyewe, na sehemu iliyogusa vigae ikawa na mwanga wa 210 hadi 220. Watu huogopa kulificha anga zuri nyuma ya nyumba. Ndiko linakofaa kuwa.

Kisha mti. Mgunga haukatwi. Nasema tena kwa wale walionyoosha mkono kuchukua kifaa cha kuchagua: mgunga haukatwi, wala mjakaranda, wala ua la miti. Niliweka anga jipya juu ya picha nzima, kisha nikabadilisha namna ya kuchanganya leya kuwa Multiply. Namna hii huzidisha mwanga wa leya mbili na kugawanya kwa 255. Nyeupe ikizidishwa hivyo hubaki anga jipya kama lilivyo. Jani jeusi hubaki jeusi. Na pikseli ya mpakani, yule msumbufu wetu wa 150, inashuka yenyewe kufuatana na anga lililo nyuma yake: kwa anga la 215 inakuwa kama 126, na ilifaa kuwa 132. Tofauti hiyo huioni hata ukiikodolea macho. Ukingo umejitengeneza bila kuguswa kwa sababu haujakatwa kabisa.

Kuna masharti mawili. Anga la zamani lazima liwe jeupe hasa. Ile kijivu ya upande wa kulia ningeiacha, ingezidishwa na anga jipya na kuacha doa chafu. Kwa hivyo kwanza nilipandisha weupe kwa Levels, kwenye nakala, mpaka sehemu hiyo ya anga ikafika 255. Sharti la pili ni kwamba anga sasa limeimwagikia nyumba nzima, kwa hivyo unaongeza maski na kulifuta juu ya kuta na ndani ya mti kwa brashi kubwa laini, ukikaa mbali na ukingo. Ndani ya majani mpito huo haumsumbui mtu. Ukiwa umechagua anga lililopauka, hata ukisahau sehemu haitaonekana: jani la 50 chini ya anga la 215 linakuwa 42. Chini ya buluu ya 110 lingekuwa 22, kama makaa, na ungelazimika kulifuta kwa uangalifu jani kwa jani. Unaona vile anga baya linavyoongeza kazi kila hatua.

Paa la vigae vya makaa lilikubali njia hiyohiyo, kwani ni jeusi. Kinyumba cha mabati kilikataa. Mabati yasiyopakwa rangi ni kioo. Yalikuwa yamebeba anga jeupe mpaka 235, na Multiply haijui tofauti ya mabati na anga. Mawingu yakaonekana yamechorwa kwenye paa. Hapa ndipo kukata kunahitajika, na uzuri ni kwamba ukingo wa bati ni mstari ulionyooka. Kwenye GIMP nilichukua Paths, nikaweka nukta kona hadi kona, nikageuza kuwa eneo lililochaguliwa, nikalainisha kwa pikseli moja tu, kwa sababu hata lenzi yenyewe haichori ukingo mkali kuliko hapo. Mstari mdogo uliosalia niliupita kwa kifaa cha Clone kikiwa kwenye Darken only, nikichota rangi ya bati kutoka pikseli chache ndani. Kwa namna hiyo kifaa hugusa tu pikseli zenye mwanga kuliko ulichochota, mengine yanabaki.

Kisha nikakuta kichekesho. Kwenye ukingo wa paa la mezoneti kulikuwa na mstari mweupe mnene ambao mhariri wa kwanza alikuwa ameuchoma kwa brashi ya giza mpaka ukawa na rangi ya matope. Kwenye faili ya asili ilikuwa ni gata. Gata jipya la plastiki, jeupe, mali ya mwenye nyumba, limegeuzwa kuwa uchafu kwa sababu mtu alifikiri ni taji! Njia ya kutofautisha ni rahisi: kuza picha mara mbili, ufuate mstari. Taji hufuata kila kitu kinachogusa anga, huacha paa likapanda antena, likaingia majani. Gata huishia pale gata linapoishia, na lina kivuli chini yake.

Na kuna mwanga mwingine ambao si wa mpito huu. Simu nyingi hunoa picha zenyewe, yaani huweka kijimstari cheupe nje ya kila ukingo mweusi ili picha ionekane kali. Juu ya anga lililoungua huwezi kukiona, kwa sababu hakuna kilicho juu ya 255. Lakini anga likiwa 230, kijimstari kinafika 250 na kukaa hapo kikisubiri. Mtu akija kuvuta mwanga wa anga chini kwa pupa, kinajitokeza kama uzi. Ukiuona uzi kwenye faili ya asili, kabla ya kufanya lolote, jua umetoka kwenye simu, na uuondoe kwa Clone kwanza.

Sasa waya.

Nilipokuwa nafuta anga juu ya kuta niliona kwenye faili ya asili, nyuma ya paa, nyaya tatu. Zilikuwa nyembamba, zimepauka nusu kwa sababu nuru ya anga ilikuwa imezila, lakini zilikuwepo. Zilipita kutoka kushoto kwenda kulia juu ya kile kinyumba cha mabati, na mwisho wa picha kulikuwa na kipande cha mnara wa chuma, ule wa miguu minne. Hizi hazikuwa nyaya za kupeleka stima nyumbani. Ilikuwa laini kubwa. Kwenye picha ya mhariri wa kwanza hakukuwa na waya hata mmoja, na mahali pa mnara palikuwa na wingu.

Sidhani alikusudia. Alisukuma ukingo ndani apate kuua taji, nyaya zikaenda nalo, na mnara aliufikiri uchafu. Lakini mnunuzi wa nyumba kama hizi mara nyingi si mtu atakayepanda matatu kuja kuangalia Jumamosi. Ni muuguzi aliye Leeds au dereva wa lori aliye Texas anayemtumia binamu pesa, na picha ndiyo macho yake. Chini ya laini kubwa kuna ukanda ambao huruhusiwi kujenga. Mtu anayepanga kubomoa kile kinyumba cha nyuma na kuinua ghorofa mbili za kupangisha anahitaji hizo nyaya kwenye picha kuliko anavyohitaji mawingu.

Multiply ilikuwa imeziacha. Hilo ndilo jambo ninalolipenda katika njia hii: kila chenye giza kuliko anga hubaki, kinene kwa chembamba, bila mhariri kuamua. Nilichoongeza ni kuhakikisha maski yangu haizigusi, basi. Sikuzinenepesha, sikuzichora upya. Sehemu moja kulia waya ulikuwa umeliwa na nuru kabisa, pengo la kama pikseli 40, na hapo niliacha pengo. Kile ambacho kamera haikukiandika hakirudishwi na programu yoyote. Unachoweza ni kubuni, na mimi sijalipwa kubuni stima.

Nikatuma. Simu ikaja baada ya dakika tano.

"Kijana, hizi nyaya zimetoka wapi?"

"Zilikuwepo, mzee. Ziko kwenye faili yako."

"Kwa ile nyingine hazikuwepo."

"Kwa ile nyingine zilifutwa."

Akanyamaza kidogo. "Na anga mbona limekuwa baridi hivi? Mteja anataka kuona jua."

Nikamweleza habari ya vivuli, kwamba jua likija lazima lije na vivuli vyake. Akasema kila mtu anafanya hivyo. Ni kweli, na ndiyo maana kurasa zile zote zinaonekana kama mtaa mmoja uliojengwa juu ya ufuo wa bahari, huku nusu ya mapaa yakiwaka.

Najua upande wa pili pia watakuja. Kuna wapiga picha watakaosema kubadilisha anga ni uongo, tuache kabisa. Siwaungi mkono. Lile jeupe tupu lenyewe halikuwa kweli. Siku ile Kitengela ilikuwa na mawingu yenye tumbo na mgongo, aliyesimama pale aliyaona, ila kamera ilipangwa kwa ajili ya kuta na ikashindwa kubeba vyote viwili. Shida hii ni ya zamani kuliko umeme wetu. Huko Ufaransa, Gustave Le Gray alikuwa nayo miaka ya 1850: kemikali ya sahani zake ilinywa nuru ya buluu kwa pupa, anga likaungua kila alipopiga bahari. Akawa anapiga negativu mbili, moja ya maji na moja ya mawingu, anazichapa pamoja, na kuna mawingu aliyoyatumia kwenye picha zaidi ya moja. Tazama alichochagua lakini: bahari. Maungio yake yamekaa kwenye mstari wa upeo, umenyooka kama rula, hakuna mti. Na sehemu ya anga inayogusa maji ni ile ya chini, yenye mwanga wake. Alijua pa kuunganisha.

Kwa hivyo kwa maajenti, na kwa wasee mnaowapigia picha kwa simu na kamera za kuazima, ninachodai ni kidogo. Mkishapiga nyumba, msiondoke. Kamera ibaki palepale, ikiwezekana kwenye miguu mitatu, mpunguze mwanga kwa hatua mbili au tatu, mpige tena. Nyumba itakuwa nyeusi, msijali, hiyo si ya nyumba. Hiyo ni ya anga. Kwenye simu nyingi unagusa anga kwenye skrini na kuvuta kile kijua chini. Inachukua sekunde kumi. Sasa mhariri ana anga la mahali hapo, saa hiyo, lenye mwanga unaotoka upande ule ule, na nyaya zake zikiwa nyeusi na kamili kwa sababu nuru haikuzila. Lile pengo langu la pikseli 40 lingekuwa limejaa. Ukingo hauna cha kuwaka, kwa kuwa anga jipya na la zamani ni ndugu.

Mzee alinilipa 500. Alisema 300 nyingine ni ya nyaya. Alhamisi nyumba ikawekwa mtandaoni na picha ya mhariri wa kwanza, gata la matope na taji lake, na mahali pa mnara lile wingu.